Barua ya kuomba udereva serikalini: kipi kianze, kipi kifuate

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva nipo Morogoro, nataka kuomba nafasi ya Dereva Daraja la II serikalini. Barua yangu inaanza "Husika na kichwa cha habari hapo juu" afu naeleza kwamba mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mvumilivu, naweza kufanya kazi mazingira yoyote na nina uzoefu mkubwa wa udereva, ila jamaa yangu kasema haina mpangilio. Anwani zikae wapi, nianzeje, katikati niweke nini, na nimalizie vipi bila kuonekana kama naomba msaada?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Kabla hujagusa barua fungua tangazo lenyewe uliweke pembeni, maana karibu kila kitu unachokitafuta kimo humo, kuanzia anwani mpaka mpangilio wa aya za katikati.

Anwani tutazipita haraka. Yako inakaa juu kulia: S.L.P. yako au ya mtu anayekupokelea barua, mji, namba ya simu inayopatikana, na barua pepe kama unayo. Chini yake tarehe, na mwezi uuandike kwa herufi, yaani 12 Mei 2025, ili mtu asianze kujiuliza 5 ni mwezi au siku. Jina lako wengine wanaliweka hapo juu na sio kosa, ila mahali pake pa lazima ni chini kabisa, penye saini. Baada ya tarehe unashuka, unahamia kushoto, unaandika anwani ya unayemwandikia, na hapa usibuni chochote, nakili kama tangazo lilivyosema. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida yanataka hivi:

Katibu,
Ofisi ya Rais,
Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
S.L.P. 2320,
DODOMA.

Ona kwamba kinatangulia cheo, sio jina la mtu, halafu ofisi, halafu sanduku, na mji unakuja mwisho. Hata kama barua unaipakia kwenye portal.ajira.go.tz na haitapita posta hata dakika moja, anwani hiyo bado inatakiwa iwepo. Kosa ninalokutana nalo sana ni mtu kuona nafasi iko halmashauri fulani, basi anamwandikia mkurugenzi wa kule, wakati tangazo limesema barua ielekezwe kwa Katibu. Inatokea pia kinyume chake, halmashauri yenyewe imetangaza na mtu kaandika Dodoma kwa mazoea. Na kama tayari wewe ni mtumishi wa umma na tangazo linataka upitishie barua kwa mwajiri wako, basi panaongezeka anwani ya tatu, inaanza na "Kupitia kwa:" na inakaa hapo hapo kushoto chini ya ile ya Katibu.

Halafu "Ndugu Katibu," na chini yake kichwa: YAH: MAOMBI YA KAZI YA DEREVA DARAJA LA II. Jina la nafasi liandike kama lilivyotangazwa, usiandike "kazi ya udereva" tu, kwa sababu tangazo moja linaweza kuwa na nafasi za madereva, watunza kumbukumbu na watendaji wa vijiji kwa pamoja. Wasomaji wa Kenya mtaona kwenu inaandikwa KUH: au MINT:, kazi ni ile ile.

Sasa tuje kwenye "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Hiyo sentensi tumerithishana tangu shuleni na ukweli ni kwamba haisemi kitu, msomaji kashasoma kichwa sekunde mbili zilizopita, wewe unamrudisha tena juu. Ufunguzi una kazi moja tu, kusema unaomba nafasi ipi na tangazo uliliona wapi na la tarehe ngapi. Mfano:

"Naomba nafasi ya Dereva Daraja la II iliyotangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira tarehe 5 Mei 2025. Mimi ni raia wa Tanzania, nina umri wa miaka 31."

Basi, hapo nukta. Uraia na umri nimeviweka kwa sababu matangazo haya huwa yanataka raia wa Tanzania na yanaweka ukomo wa umri, mara nyingi miaka 45, kwahiyo ni sifa inayokaguliwa. Lakini "mwenye akili timamu na afya njema" toa, hakuna aliyeuliza.

Katikati ndo penye barua yenyewe, na hapa ndo jamaa yako kaona hakuna mpangilio. Wewe umeandika mchapakazi, mwaminifu, mvumilivu, naweza kufanya kazi mazingira yoyote. Yote hayo ni sifa unazojipa mwenyewe na anayechambua hana pa kuzihakiki, na barua 200 zilizo mezani kwake zote zinasema hivo hivo. Soma tangazo la Dereva Daraja la II linataka nini: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja la E au C, uzoefu wa kuendesha gari usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au NIT au chuo kingine kinachotambulika. Chini yake kuna majukumu, kukagua gari kabla na baada ya safari, kupeleka watumishi kwenye safari za kikazi, matengenezo madogo madogo, kusambaza nyaraka, kujaza daftari la safari, usafi wa gari. Tayari una aya mbili. Ya kwanza inajibu sifa, ya pili inajibu majukumu, na kila sentensi iwe ni kitu ulichokifanya au karatasi uliyonayo.

Aya ya sifa iwe fupi na ifuate mfuatano wa tangazo ili anayetiki aweze kutiki bila kurukaruka:

"Nilihitimu kidato cha nne mwaka 2012. Nina leseni ya udereva daraja la C na E, na mwaka 2019 nilipata cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA. Nina uzoefu wa miaka mitatu wa kuendesha magari ya ofisi na sijawahi kusababisha ajali, kama barua ya mwajiri wangu wa awali inavyothibitisha."

Hiyo "sijawahi kusababisha ajali" usiiandike ikaning'inia peke yake. Mwombe mwajiri wako barua inayosema hivyo, na kama hapatikani basi taja umeendesha kuanzia lini mpaka lini na uache. Wala usijiongezee leseni ambayo kadi yako haina, maana kwenye usaili wa vitendo utapewa gari.

Aya ya majukumu ndo ya kuipa nafasi zaidi. Tuseme uliendeshea mradi wa maji, ulikuwa unapeleka wataalamu vijijini Kilosa na Gairo kwa Landkruza. Kwenye barua yako hayo yote umeyafupisha kuwa "nina uzoefu mkubwa wa udereva", yaani kitu chenye nguvu kuliko vyote ndo umekificha. Kiandike hivi:

"Kuanzia Machi 2021 hadi Juni 2024 nilikuwa dereva wa mradi wa maji mkoani Morogoro, nikiendesha Landkruza kupeleka wataalamu na vifaa katika vijiji vya Kilosa na Gairo, ikiwemo kipindi cha masika. Kila asubuhi nilikagua oili, maji, breki na matairi kabla ya kuondoka, na kila safari niliijaza kwenye daftari pamoja na kilomita na mafuta yaliyotumika. Matengenezo madogo kama kubadili tairi, filta na balbu niliyafanya mwenyewe, na hitilafu kubwa niliziripoti kwa maandishi kwa msimamizi wa magari."

Humo hakuna neno mchapakazi wala mwaminifu lakini msomaji kashaviona vyote viwili. Mtu aliyeandika kilomita na mafuta kila safari kwa miaka mitatu hahitaji kujisifia uaminifu.

Hapo kuna jambo la kisarufi linaloharibu barua nyingi. Ukitaja muda uliokwisha tumia -li-, "nilifanya kazi kuanzia Machi 2021 hadi Juni 2024". Ukiandika "nimefanya kazi kuanzia Machi 2021 hadi Juni 2024" msomaji anababaika kama bado upo kazini au ulishaondoka. Kama bado upo, sema "tangu Machi 2021 ni dereva wa..." na usiweke tarehe ya mwisho. Lingine ni kumchanganya unayemwandikia, juu "ofisi yako", katikati "mnitafute", chini "ofisi yenu". Umemwandikia Katibu, ni mmoja, kwahiyo baki na umoja mpaka mwisho.

Majina ya wadhamini watatu usiyalundike kwenye barua, mahali pake ni kwenye wasifu wako. Barua ikizidi ukurasa mmoja ujue umeanza kuandika wasifu mara ya pili.

Kumalizia. Wengi wanaandika "ni matumaini yangu makubwa kwamba ombi langu litakubaliwa, maana nina familia inayonitegemea", na hapo ndo unapoonekana unaomba msaada kama ulivyohofia. Shida za nyumbani ni za kweli, ila hakuna kisanduku cha kuzitiki. Adabu ya kufunga ni kusema uko tayari kwa hatua inayofuata, na hatua inayofuata ni usaili, sio kazi:

"Niko tayari kwa usaili wa mchujo na wa vitendo siku na mahali nitakapoelekezwa. Nashukuru kwa kuyapitia maombi yangu."

Nimeandika nashukuru kwa kuyapitia, sio "natanguliza shukrani kwa kunikubalia", ile ya pili inamshukuru mtu kwa uamuzi ambao hajaufanya na wengine wanaisoma kama kulazimishwa. Halafu "Wako mtiifu," saini, kisha jina lako kamili kama lilivyo kwenye vyeti. Ukitumia "Wako katika ujenzi wa taifa" haitakuangusha, ila mimi naiona ni ya vikao zaidi kuliko barua ya mtu binafsi. Chini kabisa kushoto orodhesha viambatisho: cheti cha kidato cha nne, leseni, cheti cha udereva, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwajiri, wasifu.

Saini weka kwa kalamu. Yaani chapa barua, isaini, ndo uiskani na kuipakia, kwa sababu tangazo linasema wazi barua iwe imesainiwa, na jina lililochapwa kwa mwandiko wa mapambo wa kompyuta halihesabiki kuwa saini.