Ukumbusho wa deni ukome malipo yanapoingia

"Mteja alilipa asubuhi, lakini mchana mfumo wangu ukamtumia onyo kali. Nirekebishe wapi?"

Ndugu, kosa hili mara nyingi hutokana na kupanga ujumbe wote siku ankara inapotolewa, kwa hiyo onyo huondoka bila kuangalia kama deni bado lipo. Panga ukaguzi badala ya ujumbe, na salio lisomwe wakati ule ule wa kutuma. Hapa `hatua` ni ngazi ya ukumbusho ambayo ankara imefikia:

```sql
UPDATE ankara SET hatua = 2
WHERE id = 118 AND hatua = 1 AND salio > 0;
```

Ujumbe utumwe tu iwapo amri hiyo imebadilisha rekodi moja. Ikibadilisha sifuri, mteja ameshalipa au ameshakumbushwa.

Ikiwa unapokea kwa Paybill ya M-Pesa, mteja aandike namba ya ankara kama namba ya akaunti, nayo itakufikia katika sehemu ya `BillRefNumber` ya taarifa ya malipo. Hifadhi namba ya muamala, `TransID`, isiyoruhusiwa kujirudia, ili taarifa ikifika mara mbili salio lisipunguzwe mara mbili. Hatari kubwa zaidi ni namba iliyokosewa: fedha zimeingia, ankara bado inadai. Kukiwa na malipo yasiyotambuliwa, mimi husitisha maonyo makali yote hadi mtu ayakague.

Tuseme ankara 118 ni ya shilingi 45,000, yenye ukumbusho wa upole siku ya 3, swali la tarehe ya kulipa siku ya 10, na notisi siku ya 21. Mteja akilipa 30,000 siku ya 12, rudisha hatua kwenye upole na utaje 15,000 zilizobaki.