Gemu ikigoma kufunguka, mtafute mchawi mmoja mmoja

Nikifungua gemu, nembo inatokea sekunde mbili halafu inajifunga kimya. Nimeifuta na kuipakua upya mara tatu, GB 60 kila mara. Tatizo nini?

GB 180 za bando zimeteketea na mshukiwa hata hajaulizwa! Kila wiki napata barua kama hii. Gemu inayojifunga mwanzoni bila ujumbe mara nyingi imegongana na programu iliyojipenyeza ndani yake: ya kuonyesha namba za fremu juu ya skrini, ya kurekodi, ya kupamba sauti, ya taa za kibodi. Ukiifuta gemu, mgomvi wake anabaki palepale akiisubiri irudi.

Bonyeza Windows+R, andika `msconfig`. Kwenye `Services`, kwanza weka tiki kwenye `Hide all Microsoft services`. Ukiiruka hatua hiyo utazima mpaka mtandao na sauti, kisha utaniandikia tena. Zilizobaki zipige picha kwa simu, ndipo ubonyeze `Disable all`. Nenda `Startup`, fungua Task Manager, zima zinazojiwasha moja baada ya nyingine. Rudi `msconfig`, bonyeza `OK`, washa kompyuta upya, fungua gemu. Ikigoma bado, rudisha ulivyozima ukaangalie dereva ya kadi ya picha au mafaili ya gemu yenyewe. Ikifunguka, mchawi yumo kati ya ulivyozima.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: gemu imefunguka, wanawasha vyote kwa mpigo, inagoma, wanarudi walikoanzia. Kijana mmoja aliniletea laptopu yenye huduma 12 na programu 6 zinazojiwasha. Mojamoja kwa vyote ingekuwa kuwasha upya mara 18, kwa hiyo tulianza na mafungu. Tukarudisha huduma 6: gemu ikafunguka, hizo zikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Tukaongeza 3: ikajifunga. Tukazizima zote tatu, tukairudisha ya kwanza peke yake: salama. Ya pili: ikajifunga. Ilikuwa programu ya sauti iliyokuja na laptopu, ambayo mwenyewe hajawahi kuifungua. Hatukuishia hapo. Tuliwasha kila kitu isipokuwa hiyo moja, tukafungua gemu mara tatu. Zote tatu ikafunguka, na hapo ndipo unaruhusiwa kusema umempata. Kwa gemu inayogoma siku moja na kufunguka siku nyingine, jaribu mara tatu kila hatua, la sivyo utamfunga asiye na hatia.

Nimezima vyote kama mnavyosema, sasa gemu inadai ulinzi dhidi ya wadanganyifu haujawashwa.

Umemzima mlinzi wake. `EasyAntiCheat`, `BEService` na `vgc` ya Valorant si za Microsoft, hivyo `Disable all` inazikumba pia. Irudishe inayohusu gemu yako, kisha washa upya. Mlinzi wa Valorant lazima apande pamoja na Windows, kumwamsha baadaye hakutoshi. Na yule anayekutumia kiungo cha "dawa ya kuruka ulinzi" anakutafutia kufungiwa akaunti, au anataka nywila zako.

Si bora nitumie Safe Mode tu?

Hapana. Safe Mode haipakii dereva kamili ya kadi ya picha, kwa hiyo gemu itagoma kwa sababu nyingine kabisa na hutajifunza chochote. Tiki ya `Safe boot` kwenye `Boot` usiiguse: kompyuta itarudi humo kila ukiiwasha mpaka uiondoe.

Nimezima kompyuta, nikaiwasha. Hakuna kilichobadilika.

`Restart`, si `Shut down`. Kama Fast Startup imewashwa, `Shut down` huhifadhi hali ya mfumo na kuirudisha vilevile, pamoja na huduma ulizodhani umezizima.

Nimezima kila kitu lakini namba za fremu bado zinaonekana juu ya skrini.

Kuna mlango wa nyuma ambao `msconfig` haiuonyeshi: Task Scheduler. Tazama kazi zilizowekwa kuanza `At log on`, zima ya programu hiyo tu, nyingine ziache.

Nimempata, ni antivairasi yangu. Niifute?

Usiifute. Iweke toleo jipya kwanza. Ikishindikana, ongeza folda ya gemu hiyo pekee kwenye orodha ya vitu isivyovigusa. Si diski nzima, tafadhali, kuna msomaji alifanya hivyo. Na unaporudisha mambo, usikimbilie `Normal startup`, kwa sababu huwasha hata huduma ulizokuwa umezizima kwa makusudi miezi iliyopita. Fuata picha uliyopiga kwa simu.