Niliacha vyerehani viishe stoo makusudi

Nauza vyerehani vya umeme vya kiwandani Mwanza, vile vya kushona mfululizo ambavyo fundi hununua kikiwa kamili: kichwa, meza na mota. Mzigo nafuata Kariakoo. Kwa miaka mingi nilikuwa na kanuni moja tu, kwamba mteja asije akakuta sina. Stoo ikibaki na maboksi saba au nane nilikuwa nishakata tiketi ya basi. Siku niliyokaa na daftari nikapiga hesabu, niligundua kuwa woga huo wa kuishiwa nilikuwa naulipia.

Twende na namba zangu. Nauza vyerehani 300 kwa mwaka, yaani karibu sita kwa wiki. Kila safari ya Dar inanigharimu 240,000: nauli ya kwenda na kurudi 140,000, gesti usiku mbili 60,000, chakula na bodaboda 40,000. Hapa watu wengi hukosea kwa kujumlisha na pesa ya lori. Mimi lori nalipia kwa boksi, kwa hiyo nikileta 20 au 40 kila boksi linalipa lake, na hiyo pesa tayari imo kwenye bei ya mzigo. Gharama ya safari ni ile tu ambayo ungeilipa hata kama ungerudi na boksi moja.

Cherehani kikifika Mwanza kimeshakula 600,000. Pesa hiyo ni ya mkopo wa riba 18% kwa mwaka, kwa hiyo cherehani kikikaa mwaka mzima kinakula 108,000 za riba. Mwenye stoo naye ananitoza 1,000 kwa boksi kwa wiki, ambayo kwa mwaka ni 52,000. Jumla kumtunza huyu mgeni mmoja ni 160,000 kwa mwaka, kama 3,000 na kitu kwa wiki. Kama stoo ni yako na ingekuwa tupu vinginevyo, usiiweke kwenye hesabu hii. Pesa ambayo haipungui mzigo ukipungua haina kazi hapa.

Kwa mtu asiyetaka kuishiwa kabisa, hesabu ni ile ya zamani, aliyoiandika mhandisi Mmarekani Ford Harris mwaka 1913. Zidisha mbili kwa mauzo ya mwaka kwa gharama ya safari, gawa kwa gharama ya kutunza, tafuta kipeo cha pili. Kwangu inatoka 30 kamili. Safari kumi kwa mwaka, na gharama za safari na kutunza kwa pamoja ni 4,800,000.

Sasa liangalie boksi la mwisho katika yale 30. Linauzwa baada ya wiki tano na siku moja hivi, na muda wote huo linakula riba na kodi ya stoo. Mpaka linatoka limeshanila karibu 16,000. Nimelitunza wiki tano ili fundi mmoja asisubiri. Je, kama lisingekuwepo, na huyo fundi akasubiri siku moja mzigo mpya ushuke? Mafundi wengi wanaonunua vya kiwandani wanafungua ofisi. Bado wanatafuta fremu, umeme haujavutwa, wanatanguliza advansi na kuniambia niwawekee. Siku moja kwao si kitu. Lakini ukimsubirisha mmoja siku moja, wa pili atasubiri mbili, wa tatu tatu, na mahali fulani kusubirisha kunakuwa ghali kuliko kutunza. Swali zima ni hapo mahali ni wapi.

Kwa hiyo lazima kusubirisha nako kuwe na bei. Mimi kila anayesubiri nampunguzia 1,000 kwa siku, yaani 7,000 kwa wiki. Simu, na kumpelekea mzigo hadi ofisini kwake kama fidia, nikakadiria 3,000 nyingine kwa wiki. Jumla 10,000 kwa mteja kwa wiki, au 520,000 kwa mwaka. Hakuna mteja anayesubiri mwaka, ila gharama zote lazima ziwe za kipimo kimoja, la sivyo utagawanya wiki kwa mwaka upate takataka. Nimewahi.

Hesabu yenyewe, D ikiwa mauzo ya mwaka, K safari moja, h kutunza kimoja kwa mwaka, na b kusubirisha mmoja kwa mwaka:

```
Q = sqrt(2*D*K/h) * sqrt((h+b)/b)
B = Q * h/(h+b)
```

Q ni idadi ya kununua kwa safari moja, na B ni idadi ya watu wanaokuwa kwenye orodha ya kusubiri siku mzigo unaposhuka. Kwangu Q ilitoka 34 na B ikatoka 8. Maana yake nanunua mzigo mkubwa kidogo kuliko zamani, lakini stoo haiingizi 34. Vinane vinaishia mlangoni kwa wenyewe waliokwisha lipa advansi, na 26 ndivyo vinavyolala ndani. Vinaisha baada ya wiki nne na nusu, kisha siku kama kumi nauza kwa orodha. Wa kwanza kwenye orodha ndiye anayesubiri hizo siku kumi, na wa mwisho anaandikishwa asubuhi, jioni lori limefika.

Gharama ikashuka kutoka 4,800,000 hadi karibu 4,200,000. Laki sita kwa mwaka, na nikasema hapa nimepata.

Mwaka ulipoisha, laki sita sikuziona. Safari zilikuwa zimepungua, riba imepungua kweli, lakini faida ya duka ilikuwa palepale. Nikafungua daftari la orodha nikahesabu majina yote yaliyoandikwa, kisha majina niliyoyafuta. Katika kila kumi niliowaambia wasubiri, mmoja hakurudi. Mwingine alinipigia mwenyewe kwa ustaarabu: "Mama, samahani, nimepata duka la pili wanacho leo leo, nirudishie advansi yangu." Faida yangu kwa cherehani kimoja ni 80,000. Nikipoteza mmoja katika kumi, kila jina ninaloliandika kwenye orodha linanigharimu wastani wa 8,000 palepale, kabla hajasubiri hata saa moja.

Hii ni gharama ya aina nyingine kabisa. Ile 10,000 inakua kwa wiki, na anayesubiri nusu siku hanigharimu karibu chochote. Hii 8,000 haijali siku. Anayesubiri saa tatu na anayesubiri siku kumi wote wanaibeba. Kwa kweli anayeambiwa siku kumi hukimbia zaidi ya anayeambiwa kesho, lakini wastani ulinitosha. Nilipoiingiza kwenye ule mpango wangu wa 34 na 8, gharama ikapanda hadi kama 4,760,000. Yaani mwaka mzima wa kuomba watu radhi uliniokolea 40,000.

Gharama hiyo ya papo kwa papo, tuiite p, inabadilisha hesabu hivi:

```
Q = sqrt((h+b)/b) * sqrt(2*D*K/h - (p*D)^2/(h*(h+b)))
B = (h*Q - p*D)/(h+b)
```

Kwangu, p ikiwa 8,000, Q ni 33 na B ni 4. Gharama inakuwa 4,640,000 hivi, kwa hiyo nafuu ya kweli ni kama 160,000 kwa mwaka. Ni nafuu, ila haifanani na ile niliyoiota. Tazama kilichobadilika: idadi ya kununua haikuyumba sana, 30, 34, 33. Kilichoanguka ni orodha, kutoka wanane hadi wanne. Ukikosea Q kwa viwili vitatu hutaumia. Ukikosea B, hapo ndipo hela inapovujia.

Kabla hujasumbuka na vipeo vya pili, kuna kipimo cha haraka. Chukua ile gharama ya mwaka ya mpango wa kutoishiwa, igawe kwa mauzo ya mwaka. Kwangu ni 4,800,000 kwa 300, inatoka 16,000. Ndiyo ileile bei ya kulitunza boksi la mwisho. Kama p yako inazidi hapo, usisubirishe mtu hata mmoja. Kwa faida yangu ya 80,000, mpaka ni wawili katika kumi kuondoka. Wakifika wawili, orodha naichana, narudi kwenye 30.

Ndiyo maana mpango huu siutumii kwa sindano, uzi, mkasi wala mkanda wa mota. Anayekuja kutafuta sindano ana nguo ya mtu mezani, ukimwambia arudi Alhamisi anavuka barabara. Hapo hesabu ya kusubirisha haina maana kwa sababu hakuna anayesubiri, mauzo yanapotea tu.

Jambo lingine lililonisumbua ni siku ya kuondoka. Kutoka kupanda basi hadi mzigo kushuka Mwanza ni wiki moja, na kwa wiki nauza sita. Nikitaka mzigo ufike orodha ikiwa na wanne, niondoke stoo ikiwa bado na maboksi mawili. Kwenye mpango wa wanane ilibidi niondoke orodha ikiwa tayari na majina mawili, na lori likichelewa siku tatu orodha inafika kumi au kumi na moja. Hesabu hizi zinadhani lori halichelewi na mauzo yanatiririka sawasawa. Kwa mafundi wa ofisi mpya yanatiririka vya kutosha. Ila kuelekea Januari, sare za shule zikianza, wiki moja inaweza kuondoka na kumi na tano, na fundi wa sare hasubiri kabisa kwa sababu shule inafungua tarehe ileile. Kuanzia katikati ya Novemba naufunga huu mpango. Nanunua kwa kukisia msimu, najaza stoo, na riba nailipa bila kinyongo.

Daftari langu la orodha sasa lina safu nne: tarehe ya kuandikishwa, advansi, tarehe ya kuchukua, na ya nne huwa naitumia kwa wale tu wasiochukua, naandika sababu. Kila baada ya miezi mitatu nahesabu upya wangapi katika kumi. Mara ya mwisho ilikuwa mmoja katika kumi na mbili, na nilipokagua sababu, karibu wote walikuwa wale niliowaambia "wiki ijayo" badala ya kuwatajia siku.