Usianze na "karibu": sentensi ya kwanza ya video ya pikipiki za mizigo

Sentensi ya kwanza niliyomwandikia jamaa yangu mwenye pikipiki nne za kupeleka mizigo bado ninayo kwenye simu. Inasema: "Karibu kwenye huduma ya uhakika ya kusafirisha mizigo yako kwa haraka na usalama popote ulipo." Siku ile niliiona imekaa vizuri kabisa. Baadaye niliisoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, ikamaliza karibu sekunde sita. Ina silabi 39. Mtu anayepitisha video kwa kidole gumba hakupi sekunde sita, na tulipofungua takwimu za ile video tukaona mstari wa watazamaji umeporomoka hata kabla sauti haijalifikia neno "mizigo". Waliobaki nadhani walikuwa ndugu zake.

Tangu hapo kila sentensi ya kufungulia naisoma kwa sauti na kuipima. Ikizidi sekunde tatu naikata, hata kama naipenda. Ila urefu ulikuwa tatizo dogo, na hilo nililijua kwenye jaribio la pili.

Jaribio la pili lilikuwa la kuchekesha. Dereva amejilaza juu ya pikipiki, kofia ngumu kifuani, simu sikioni, anasema: "Nipo njiani, naingia sasa hivi." Sekunde mbili tu. Hakuna aliyewahi kusubiri mzigo asiyeijua kauli hiyo. Watu walicheka, wakatumiana, wakaitana kwenye maoni. Jamaa akanipigia kwa furaha, "Kaka, tumetoboa!" Wiki ikaisha, simu ya oda haikuongezeka mlio hata mmoja.

Nilichelewa kuelewa kwa nini. Waliocheka ni wapokeaji, watu waliowahi kukaa mlangoni wakisubiri. Lakini anayemchagua mwenye pikipiki na kumpigia mara nyingi ni mtumaji: muuzaji wa mtandaoni mwenye vifurushi vitano mezani. Yeye video ile ilimchekesha kisha ikamtia wasiwasi, maana tulikuwa tunatangaza kosa la madereva kwa sura ya dereva wetu wenyewe. Mmoja aliandika chini yake, "Kumbe mnajijua." Video ya kuchekesha inaweza kukuletea watazamaji wengi wasio na mzigo wa kutuma, kwa hiyo kabla ya kuandika chochote amua unamsemesha nani kati ya hao wawili.

Jaribio la tatu sikulitoa kichwani. Nilimwomba jamaa anionyeshe ujumbe aliotumiwa na wateja wake kwa wiki moja, nikasoma tu. Nilitegemea kukuta malalamiko ya kuchelewa. Yalikuwepo, lakini kilichojirudia zaidi kilikuwa cha aina hii: "Bosi mzigo umefika? Mteja kanipigia mara ya tatu." Muuzaji kumbe anaweza kuvumilia mzigo uchelewe kidogo. Asichoweza ni kuulizwa na mteja wake akakosa la kusema. Nikaandika: "Mteja wako anakuuliza mzigo uko wapi. Utamjibu nini?"

Maneno yalikuwa sahihi ila bado marefu. Tukayagawa. Nusu ya kwanza tuliipeleka kwenye picha: skrini ya simu, ujumbe unaingia, "Mzigo wangu uko wapi?", na chini yake alama tatu za kuuliza. Sauti ikabakiwa na maneno mawili: "Utamjibu nini?" Hapo Kiswahili kinakubeba. Ile "m" katikati ya "utamjibu" ni mteja mzima, ameshaingia kwenye kitenzi, na picha imeshasema ni nani. Huna haja ya kumtaja tena. Sentensi ya silabi saba inafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na silabi ishirini na ushee, na mtu aliyezima sauti bado amesoma swali.

Tulikosea jambo moja la kizembe. Maandishi tuliyaweka chini ya skrini, na huko ndiko programu hizi zinakoweka jina la akaunti na maelezo, huku vitufe vikiwa upande wa kulia. Swali letu lilifunikwa nusu. Yapandishe juu kidogo ya katikati, yawe makubwa, na yaonekane tangu picha ya kwanza kabisa, yasije yakipepea polepole. Sauti nayo usiirekodi kando ya injini inayounguruma. Irekodi ndani, simu karibu na mdomo, kisha mlio wa pikipiki uuweke chini yake kwa mbali.

Halafu kuna sekunde ya nne. Mwanzoni pale tuliweka nembo na pikipiki nne zimepangwa mstari, jamaa alitaka zionekane. Watu wakaondoka hapohapo, na walikuwa na haki: tumewauliza swali kisha tukaanza kujisifu. Tukaiondoa. Sasa dereva anakabidhi kifurushi mlangoni, anapiga picha, na picha ile inaingia kwenye mazungumzo yaleyale ya simu, chini ya zile alama tatu za kuuliza. Swali limejibiwa bila neno. Nembo inakuja mwishoni.

Kujua ipi inaleta oda, msitegemee kuwauliza wateja "mmetuona wapi", wengi hawakumbuki. Tulitumia video moja yenye mianzo mitatu tofauti, sehemu iliyobaki ikiwa ileile, siku zilezile, fedha sawa kwa kila moja. Kila moja ikapewa kiungo chake cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Nataka%20kutuma%20mzigo%20A
```

NAMBA ni namba yako ikiwa na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Mwanzo wa pili unaishia na B, wa tatu C. Oda ikiingia, herufi inakuambia imetokea wapi. Wa kuchekesha uliongoza kwa kutazamwa, "Utamjibu nini?" ukaongoza kwa ujumbe wa kutuma mizigo. Kama tungeangalia idadi ya watazamaji peke yake, tungechagua vibaya.

Kuna mwanzo mmoja niliukataa japo jamaa aliusisitiza: "Tunafikisha ndani ya dakika 20." Ni mfupi, unashika. Ila muuzaji anaanza kuhesabu pale alipotuma ujumbe, wewe unahesabu dereva anapouchukua mzigo, na mvua haijui mlikubaliana nini. Mnagombana na mteja siku ya kwanza, na anayelipia zile dakika kwa kukimbiza pikipiki ni dereva. Ukitaka kuahidi, ahidi kitu kilicho mikononi mwako, kama ile picha ya makabidhiano.

Sasa hivi tuko kwenye mwanzo mwingine, na huu nao umetoka kwenye simu yake. Mama mmoja aliuliza, "Nyie mnabeba na vioo?" Tumeuchukua kama ulivyo, maswali ya kweli yana mdundo ambao sisi waandishi tunauharibu tukianza kuyanyoosha. Sauti inauliza, picha inaonyesha kioo cha ukutani kimefungwa kamba kwenye boksi la pikipiki, kimezungushiwa blanketi pembeni, uso wake wazi. Tumerudia kurekodi mara nne, kwa sababu kila tukisogea kioo kinatuonyesha mimi nimeshika simu na jamaa nyuma yangu akitoa maelekezo. Kesho tunakiinamisha kidogo kiangalie angani.