Barua ya mwisho haifuti mkataba

SWALI: Wakili, nina mkataba wa fremu ya duka, Januari 2020 hadi Desemba 2025. Tumeandikiana barua mwaka 2021 na 2022, na 2023 mwenye fremu akaniletea ya tatu. Tangu Januari 2024 anadai kodi ya shilingi 882,000 kwa mwezi, ilipwe miezi mitatu mbele, na anasema notisi ni mwezi mmoja. Mimi nasema kodi ni 800,000, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye barua ya 2022. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nimesoma nakala ulizoniletea, na kwa masharti yanavyosimama leo kodi yako ni shilingi 840,000, hulipwa kila mwezi, na notisi ni miezi mitatu. Nyote wawili mmekosea hesabu, kwa sababu kila mmoja ameshika karatasi moja na kuziacha nyingine.

Kifungu cha 4 cha mkataba wenu kiliweka kodi ya 800,000, ilipwe miezi mitatu mbele. Kifungu cha 5 kinasema kwamba kodi inayolipwa wakati huo itaongezeka kwa asilimia 5 tarehe 1 Januari 2022 na tarehe 1 Januari 2024. Barua ya 2021 haikugusa kiasi peke yake, bali ilisema kifungu cha 4 kifutwe chote na mahali pake pasomeke "kodi ni shilingi 700,000, italipwa kila mwezi", kuanzia 1 Aprili 2021. Kuanzia siku hiyo sharti la miezi mitatu mbele lilikoma. Januari 2022 kodi ikapanda kuwa 735,000. Barua ya 2022 ikasema kwamba kuanzia 1 Julai kodi itakuwa 800,000 na "masharti mengine yote yatabaki kama yalivyo".

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyompoteza mwenye fremu. Anayasoma kana kwamba yanamrudisha kwenye mkataba wa 2020, ilhali "kama yalivyo" maana yake ni kama yalivyosimama siku ile ya 2022, yakiwa yamekwisha kubadilishwa na barua ya kwanza. Hivyo kiasi kilirudi 800,000, lakini utaratibu wa kulipa miezi mitatu mbele haukurudi, kwa kuwa hakuna aliyeurudisha. Wewe nawe umesahau kwamba hakuna barua iliyogusa kifungu cha 5, kwa hiyo Januari 2024 asilimia 5 ya 800,000, yaani 40,000, iliongezeka kama kawaida. Yeye ameipata 882,000 kwa kuongeza asilimia 5 mara mbili juu ya 800,000, ingawa nyongeza ya Januari 2022 ilikwisha kufanyika juu ya 700,000, kabla ya kiasi kipya kuwekwa.

Barua ya 2023, inayofupisha notisi ya mkataba kutoka miezi mitatu kuwa mwezi mmoja, mwenye fremu ameitia saini peke yake, na kifungu cha 14 kinataka kila badiliko liwe la maandishi na litiwe saini na pande zote mbili. Saini yako pembeni ya neno "nimepokea" inathibitisha kwamba karatasi ilikufikia, wala si kwamba umekubali yaliyomo. Hata hivyo mjibu sasa kwa maandishi kwamba hukubali, kwa maana ukikaa kimya kisha ukaanza kuenenda kwa kufuata barua ile, utampa hoja ya kudai kwamba mlikubaliana kwa vitendo.

Kinachoniudhi ni kwamba karibu kila wiki naletewa barua moja tu, na mtu ameambiwa na dalali au mchapaji wa steshenari kwamba "ya mwisho ndiyo mkataba". Kifungu cha 62 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinataja kuweka mkataba mpya mahali pa ule wa zamani, kuufuta na kuubadilisha kama mambo tofauti. Barua inayobadilisha hula pale tu ilipogusa, na pasipoguswa mkataba wa awali unaendelea kuishi. Kwa sababu hiyo zisomwe zote, tena kwa tarehe ya kuanza kutumika, si tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi, kwa kuwa barua iliyoandikwa Machi yaweza kuanza kazi Julai, na nyingine katikati ikawa imekwisha kubadilisha kifungu kile kile.

Wapo pia wanaochapa upya mkataba "uliosafishwa", wakiingiza mabadiliko kama walivyoyaelewa wao, kisha wanatupa barua zenyewe. Karatasi hiyo isiyo na saini za wahusika ni maoni ya mchapaji tu, na mara nyingi nimeikuta imedondosha kifungu kizima cha nyongeza. Andika mabadiliko pembeni ya nakala ya kivuli, kila moja na tarehe ya barua yake, na mkataba halisi pamoja na barua zote uviache kama vilivyotiwa saini.