Mtoto ana homa na hataki kukanyaga: usiondoke hospitali kabla nyonga haijaangaliwa

Bibi alimleta mjukuu wake mgongoni, amemfunga kwa kanga. Mtoto alikuwa na miaka minne na nusu, umri wa kukimbia si wa kubebwa, na miguu yake ilikuwa inaning'inia karibu na magoti ya bibi. Nilikuwa na mwaka wa pili tu wa utabibu, katika hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, na foleni ya asubuhi ile ilikuwa imetoka nje hadi chini ya mwembe. Bibi akasema, "Daktari, mtoto anachemka tangu juzi." Nikaandika: homa, siku mbili. Nilipokuwa nikiendelea kuandika akaongeza, "Na mguu huu haukanyagi. Anasema ni goti. Labda alianguka akicheza na wenzake."

Nikalibonyeza goti. Halikuwa limevimba, halikuwa na joto, na mtoto hakulia. Joto la mwili lilikuwa 38.9. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoka chanya, nami nikaona nimepata jibu. Nikaandika dawa mseto na parasetamo, nikamwambia bibi kwamba homa ikishuka mtoto atatembea.

Walirudi siku ya nne. Safari hii mtoto hakutaka hata shuka limguse. Alipewa rufaa, akafunguliwa nyonga usiku ule, na usaha ukatoka. Leo ni kijana. Mguu wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, na anachechemea.

Kosa langu lilikuwa hili: nilipata maelezo ya homa, nikayatumia kuuelezea na mguu. Malaria humlegeza mtoto, akalala, akakataa chakula, akalalamika mwili wote. Haimfanyi akatae kukanyaga mguu mmoja. Tena nilipoisoma kadi yake baadaye, niliona alikuwa ametibiwa malaria wiki tatu kabla, na kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha mwilini. Kadi ilikuwa mfukoni mwa bibi muda wote ule. Sikuiomba.

Na goti? Neva zinazoihudumia nyonga ndizo zinazopeleka hisia za goti pia, ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa wa nyonga mara nyingi huonyesha goti, na wala hasemi uongo. Siku hizi mtoto akiniambia goti, nami nikaligusa goti nikalikuta zima, mkono wangu unapanda moja kwa moja kwenye nyonga.

Nieleze kwa nini nyonga haitaki kusubiri. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara linalokaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na vyote viwili vimefungiwa ndani ya mfuko mgumu usiotanuka sana. Mishipa ya damu inayokilisha kichwa hicho hupanda ikiambaa shingo ya mfupa, ndani ya mfuko huohuo. Bakteria wakiingia humo, mara nyingi kupitia damu kutoka kidonda kidogo cha ngozi au mahali pengine ambapo hakuna aliyepatilia maanani, usaha hujaa na shinikizo hupanda. Mishipa hubanwa, na kichwa cha mfupa hukosa damu. Wakati huohuo kemikali zilizomo kwenye usaha hula gegedu, ile ngozi laini na nyororo inayofanya mfupa uteleze bila kusagana. Gegedu huanza kuharibika ndani ya saa chache, na iliyokwisha kuliwa hairudi kama ilivyokuwa. Antibayotiki peke yake haitoshi, kwa sababu dawa haipunguzi shinikizo. Lazima usaha utolewe.

Miaka mitatu baada ya yule mtoto wa kwanza, mama mmoja alikuja jioni na binti yake wa miaka mitatu kasoro. Huyu alianza na mguu. "Jana asubuhi alikuwa anakimbiza kuku. Leo nikimsimamisha anaukunja mguu wa kushoto na kulia." Nilimwomba amlaze kitandani na asimvue chochote kwanza, nikatazama tu. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka. Wa kushoto ulikuwa umekunjwa kidogo kwenye nyonga, umetanuliwa pembeni na kugeukia nje, kama mguu wa chura. Mtoto mwenye usaha kwenye nyonga huuweka mguu hivyo kwa sababu ndivyo mfuko wa kiungo unavyopata nafasi kubwa zaidi, na maumivu hupungua kidogo.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya kwa yule mvulana lingenichukua nusu dakika. Nikaweka kiganja juu ya paja la mguu mzima, nikauviringisha taratibu ndani na nje, kama mtu anavyoviringisha chapati kwenye kibao. Mtoto alinitazama tu. Nikahamia mguu wa kushoto, nikauviringisha kidogo sana, akapiga yowe na kumng'ang'ania mama yake. Mtoto mwenye kidonda cha unyayo au goti lililogongwa kwa kawaida hukuachia uviringishe paja lake bila shida. Huyu wa nyonga hakuachii.

Joto lilikuwa 39.2. Malaria hakuna. Chembe nyeupe za damu zilikuwa 17,400, na ESR, kile kipimo cha kasi ya damu kutuama, ilikuwa 68.

Mwaka 1999 madaktari wa Boston, wakiongozwa na Mininder Kocher, walitoa alama nne za kutofautisha usaha wa nyonga na ule uvimbe wa nyonga unaopita wenyewe. Alama hizo ni homa inayozidi 38.5, kutokukanyaga, ESR ya 40 au zaidi, na chembe nyeupe zinazozidi 12,000. Kwa watoto wao, mwenye alama zote nne alikuwa karibu hakika ana usaha. Hospitali nyingine zilipojaribu zilipata uwezekano mdogo kuliko huo, kwa hiyo alama hizi si hukumu. Lakini kinachonigusa ni alama mbili za kwanza, maana hazihitaji maabara. Kati ya watoto waliokwisha kushukiwa nyonga, wenye alama mbili tu walikuwa na uwezekano wa kama wanne katika kumi. Kwa maneno mengine, zahanati yenye kipimajoto na mtu wa kumsimamisha mtoto inajua vya kutosha kuandika rufaa.

Binti yule alikuwa na zote nne. Altrasaundi ilionyesha maji kwenye nyonga ya kushoto. Altrasaundi haiwezi kukuambia kama maji hayo ni usaha. Kazi yake ni kukuambia kwamba yapo, na anayejibu ni sindano inayoyavuta. Eksirei yake ilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu mfupa haujaanza kubadilika siku za mwanzo. Tulichukua damu ya kuotesha vijidudu, daktari wa zamu akamwingiza thieta saa nne usiku, akavuta maji mazito ya rangi ya maziwa yaliyochacha, akafungua kiungo na kukisafisha. Antibayotiki ya mshipani ilianza mara tu usaha ulipopelekwa maabara. Kama thieta ingekuwa mbali tusingeingoja: damu inachukuliwa, dawa inaanza, gari linaondoka.

Si kila anayechechemea yuko hivi. Wengi huwa na ule uvimbe unaopita, hasa kati ya miaka mitatu na minane, mara nyingi wiki moja mbili baada ya mafua. Huyo anachechemea, ila hana homa au anayo ndogo, anacheza akiwa amekaa, anakula, na ukimbembeleza anakanyaga hatua mbili tatu. Hata huyo mimi humwona tena kesho yake, na humwambia mzazi kwamba homa ikipanda usiku au akiacha kukanyaga, asisubiri hiyo kesho.

Sasa niseme na wewe mzazi. Ukifika dirishani, anza na mguu. "Ana homa" inakupeleka kwenye foleni ya homa, na huku kwetu foleni hiyo ina watoto sitini. Sema, "Mtoto wangu alikuwa anatembea, tangu jana jioni hakanyagi mguu wa kushoto, na ana homa." Taja saa uliyomwona akitembea mara ya mwisho. Kama umempa dawa ya kushusha homa, sema umempa saa ngapi, kwa sababu nimeona mtoto akipimwa 37.2 na kurudishwa nyumbani, kumbe alikuwa amekunywa dawa saa mbili kabla. Na ukiambiwa ni malaria, uliza kwa heshima: "Na mguu, daktari, ni kwa nini haukanyagi?" Swali hilo lingeniamsha mimi.

Usimpeleke kuchuliwa. Najua wengi husema ameteguka, na watoto huanguka kila siku, hivyo anguko la kusingizia halikosekani. Lakini ni nadra nyonga ya mtoto kuteguka kwa kuanguka tu akicheza, na mguu ulioteguka hauleti homa ya 39. Kuchua kiungo chenye usaha ni kumtesa mtoto na kupoteza siku ambayo kiungo hakina. Antibayotiki ya dukani nayo hupunguza homa bila kuondoa usaha, mtoto akaonekana ana nafuu, na maabara ikashindwa kuotesha kijidudu.

Mtoto mchanga hawezi kukataa kukanyaga. Yeye utamwona unapombadilisha nepi: unapomtanua miguu analia kilio kisicho cha kawaida, na mguu mmoja haurushi kama mwenzake. Anaweza hata asiwe na homa, ila ananyonya kidogo. Wengine husema sindano ya chanjo imegusa mshipa. Mpeleke siku hiyohiyo. Na kama mtoto ana selimundu, usikubali maumivu ya nyonga pamoja na homa yaitwe maumivu yake ya kawaida kabla hajachunguzwa. Watoto hawa hupata usaha wa mifupa na viungo kirahisi zaidi, na wakati mwingine kwa bakteria wa salmonela, kwa hiyo dawa yao inaweza kuwa tofauti.

Yule binti alikaa wodini siku tisa, akaendelea na dawa ya kunywa nyumbani hadi zikatimia wiki tatu. Mama yake alinipigia katikati ya dozi akitaka kuiacha, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia. Nikamwomba amalize, na alete mtoto apigwe eksirei baada ya miezi mitatu na tena baada ya mwaka, maana kichwa cha mfupa kilichokosa damu huchelewa kuonyesha. Ya mwaka ilipotoka niliziweka nyonga zote mbili kwenye taa, ya kulia na ya kushoto, na mama akaniuliza ni ipi iliyokuwa mgonjwa.