APT yenye vigezo viwili: hakiki jumla ya mizani kabla ya kuamini jibu

Ukianza kukokotoa faida inayotarajiwa kwa nadharia ya bei ya abitraji, ile APT aliyoitoa Stephen Ross mwaka 1976, utaona fomula ni jambo la kujumlisha na kuzidisha tu:

E(R) = Rf + b1·λ1 + b2·λ2

Rf ni riba isiyo na hatari. Kila b ni beta, yaani jinsi hisa inavyoyumba kigezo husika kikienda kinyume na matarajio. Kila λ ni fidia ambayo soko linatoa kwa kubeba hatari ya kigezo hicho. Wanaoanza wengi huteleza kwenye λ, kwa hiyo nitakaa hapo.

Tuseme Rf ni 6%. Kigezo cha kwanza ni uzalishaji wa viwandani, cha pili ni mfumuko wa bei. Kapu la kigezo cha kwanza, yaani mkusanyiko wa hisa wenye beta 1 kwa uzalishaji na 0 kwa mfumuko, linatarajiwa kuleta 10%. Kapu la kigezo cha pili linaleta 4%. Hisa yetu ina beta 1.2 kwa uzalishaji na −0.5 kwa mfumuko.

Mgeni huchukua 10 na 4 na kuzitia moja kwa moja: 6 + 12 − 2 = 16%. Si sahihi. Hizo ni faida za makapu, na ndani yake riba ya 6 tayari imo. Fidia ndiyo inayobaki ukiitoa: λ1 ni 4, λ2 ni −2. Basi jibu ni 6 + 1.2 × 4 + (−0.5) × (−2) = 6 + 4.8 + 1 = 11.8%.

Usishtushwe na λ iliyo hasi. Kapu linalopanda mfumuko unapozidi matarajio ni kinga, na watu hukubali faida ndogo ili wawe na kinga. Hisa yetu inafanya kinyume, inaumia mfumuko ukizidi, kwa hiyo mwenye nayo analipwa asilimia 1 zaidi. Hasi mara hasi hapa ina maana yake kiuchumi, si mchezo wa alama.

Njia ninayoipenda ya kuhakiki ni kuijenga hisa upya kwa makapu. Weka 1.2 ya fedha kwenye kapu la kwanza na −0.5 kwenye la pili, yaani uza la kuazima. Jumla ni 0.7, na mizani, yaani jumla ya sehemu zote za fedha ulizogawa, lazima ifike 1, kwa hiyo 0.3 inakwenda kwenye riba isiyo na hatari. Faida: 12 − 2 + 1.8 = 11.8%. Sasa tazama lile jibu la 16%: ndani yake kuna 1.2, −0.5 na 1 nzima ya riba, jumla 1.7. Umewekeza fedha usizokuwa nazo. Kila mizani isipofika 1, rudi nyuma.

Halafu usichanganye matarajio na mshtuko. Kama soko lilitarajia mfumuko wa 5% ukatoka 7%, kigezo ni 2, si 7, na hisa yetu inapoteza takriban asilimia 1 chini ya ilivyotarajiwa. Mshtuko huo hauingii kwenye E(R), kwa kuwa wastani wake ni sifuri.

Sasa tuseme uchambuzi wako unaonyesha hisa itatoa 13%. Pengo ni 1.2. Kwa 1,000,000 ya hisa, unauza kapu la kwanza la 1,200,000, unanunua la pili la 500,000 na kukopa 300,000. Hutoi senti mfukoni, beta zote zinafutana, na unatarajia 130,000 − 120,000 + 20,000 − 18,000 = 12,000. Inavutia, ila bado si abitraji, yaani faida isiyo na hatari wala mtaji wako. Hatari ya hisa yenyewe, kama meneja kuondoka au kiwanda kuungua, haijafutika. Hoja ya Ross inasimama kwenye makapu yaliyotawanywa vizuri. Kwa hisa moja fomula ni makadirio.

Tena hizo beta umezipata kwa rigresheni, nazo zina kosa sanifu. Ikiwa la beta ya kwanza ni 0.3, lizidishe kwa fidia ya 4: unapata 1.2, sawa kabisa na pengo ulilolifurahia. Mimi nisingeinunua hisa hiyo kwa sababu ya pengo hilo peke yake. Ningetafuta kwanza hisa nyingine nyingi zenye beta zinazokaribiana na pengo la upande huohuo, kisha ningezipima kama kapu moja.